Samaki wa kupaka kwa mgonjwa wa figo: potasiamu humwagwa jikoni, fosforasi huachwa dukani

Karatasi ya vyakula vilivyokatazwa ambayo mgonjwa wa figo hurudi nayo kutoka kliniki huwa ndefu: nyanya, nazi, mchicha, ndizi, viazi, muhogo, maharage, maziwa, dagaa. Kwa mtu aliyelelewa pwani, hiyo ni karibu meza yake yote. Baadaye hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama mgonjwa anaanza kula kwa kujificha, ama anaishi kwa wali mkavu na kabichi hadi nguo zinampwaya. Hili la pili huonekana kama utiifu, lakini lina hatari yake, kwa sababu anayesafishwa damu hupoteza protini katika kila kikao na akikonda ovyo hushindwa kupambana na maambukizi.

Karatasi ile ina kosa moja kubwa: inachanganya madini mawili yasiyofanana tabia. Potasiamu imeyeyuka ndani ya maji ya chakula chenyewe, kwa hiyo ukikikata chakula vipande vidogo na kukichemsha kwenye maji mengi, sehemu kubwa huhamia kwenye maji hayo, nawe unayamwaga. Fosforasi imeshikamana na protini na mifupa, na maji hutoa kiasi kidogo tu. Ya kwanza hushughulikiwa kwenye sufuria. Ya pili hushughulikiwa mapema zaidi, wakati wa kununua, halafu mezani kwa ukubwa wa kipande na kwa kidonge cha kuizuia. Mpishi akilielewa hili, vyakula vingi vya kwenye karatasi hurudi mezani, japo kwa kipimo.

Kabla ya kugusa sufuria, soma majibu ya damu. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anahitaji kupunguza potasiamu. Aliye katika hatua za mwanzo, na potasiamu yake iko ndani ya kiwango cha kawaida, yaani takriban 3.5 hadi 5.0 milimoli kwa lita, hana sababu ya kumwaga maji ya mboga zake. Anayesafishwa kwa njia ya tumbo huweza hata kupungukiwa nayo. Maelezo ya hapa yanamhusu yule ambaye vipimo vyake vimeonyesha kwamba madini haya yamepanda na daktari au mtaalamu wa lishe amemwambia apunguze.

Tuchukue mfano mmoja. Mgonjwa ana kilo 60, anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Potasiamu yake kabla ya kikao ni 5.9, fosforasi ni 2.1 milimoli kwa lita. Ameambiwa asizidishe miligramu 2,000 hadi 2,500 za potasiamu kwa siku, na miligramu 800 hadi 1,000 za fosforasi. Anachokitamani ni samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha.

Kikipikwa kama kawaida, chakula hicho cha mchana kinakuwa hivi. Kipande cha samaki cha gramu 150 kina potasiamu kama miligramu 700. Mchuzi wa nusu kikombe cha tui zito, nyanya moja, kijiko cha nyanya ya kopo na kijiko cha ukwaju huongeza zaidi ya 800. Wali uliopikwa kwa tui tupu una kama 400, na tui ndilo linaloleta robo tatu ya hizo, maana mchele mweupe wenyewe una potasiamu kidogo sana. Kikombe kizima cha mchicha kina kama 850. Jumla inakaribia 2,800, yaani zaidi ya posho ya siku nzima kwenye sahani moja, na hajala embe bado. Fosforasi nayo inafika kama 800. Ni makadirio kutoka majedwali ya vyakula, na samaki mmoja hutofautiana na mwingine, lakini yanaonyesha vizuri mzigo uko wapi: samaki ni mkubwa kupita kiasi, tui limerudiwa kwenye vyungu viwili, nyanya zimerundikana, na mchicha haujamwagwa maji.

Sasa tukipike upya, chungu kimoja cha watu wanne. Mgonjwa anayepikiwa chake pembeni huchoka upesi, na mpishi wake pia.

Nunua mnofu wa samaki nusu kilo na uukate vipande vinne. Kila kipande kikiiva kitakuwa na gramu 90 hadi 95, na hicho ndicho kipimo cha mgonjwa: ukubwa wa kiganja bila vidole. Usipunguze zaidi ya hapo, kwa sababu anayesafishwa damu anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Paka samaki kitunguu saumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimetwangwa, pamoja na maji ya ndimu moja, pilipili manga, na chumvi nusu kijiko cha chai kwa samaki wote. Muache nusu saa, kisha mchome juu ya makaa dakika sita au saba kila upande. Moshi wa makaa unafanya kazi kubwa hapa, kwa sababu ladha yake haina madini yoyote ya kuhesabu.

Mchuzi unaanza na kitunguu maji kimoja kikubwa, kilichokatwa vyembamba na kukaangwa polepole kwa mafuta vijiko viwili vya chakula hadi kiwe cha kahawia. Usikiharakishe. Utamu na rangi ambayo watu hutafuta kwenye nyanya ya kopo hupatikana humo, na nyanya ya kopo ndiyo ya kwanza kuondoka jikoni kwa mgonjwa huyu: ni nyanya nyingi zilizokaushwa maji, hivyo kijiko kimoja cha chakula kina potasiamu kama 160 na mara nyingi chumvi juu yake. Kitunguu kikishaiva, weka bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kidogo, pilipili mbichi moja na nyanya moja tu iliyomenywa na kukunwa. Ikaange hadi mafuta yajitenge. Nyanya moja ikigawanywa kwa watu wanne humpa kila mtu kama miligramu 70, na harufu yake inatosha.

Halafu tui. Tumia kasimile, tui zito la kwanza, robo tatu ya kikombe kwa chungu chote, sawa na vijiko vitatu vya chakula kwa kila mtu. Watu wengi hujaribu kupunguza kwa kuweka tui jepesi vikombe viwili, wakidhani wepesi ni unafuu. Mgonjwa anaishia kunywa mchuzi mwingi, na anayesafishwa damu ana kipimo cha maji pia. Kasimile kidogo ina mafuta na harufu ya nazi yote unayoitaka. Itie mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, koroga dakika tatu bila kuacha mchuzi uchemke kwa nguvu. Epua, ndipo ukamulie ndimu ya pili. Ndimu ikitangulia tui juu ya moto mkali, tui hukatika na mchuzi hujaa chembe. Ukiona mchuzi mwepesi kuliko ulivyozoea kwa sababu nyanya ni chache, koroga kijiko cha chai cha unga wa mchele kwenye maji kidogo na uutie kabla ya tui. Mpake samaki pande zote, mrudishe juu ya makaa dakika mbili.

Ndimu imechukua nafasi ya ukwaju kwa makusudi. Ukwaju una potasiamu zaidi ya miligramu 600 kwa gramu 100, na kijiko cha maji ya ndimu hakifiki 20. Siki nayo inafaa. Ila kuna ukali mmoja ambao mgonjwa wa figo asiuguse hata kwa kuonja: birimbi. Birimbi lina oksalati nyingi, na juisi yake imewahi kuwaharibu figo watu waliokuwa wazima. Ndugu yake, lile tunda lenye pembe tano ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, lina sumu ya neva ambayo figo zima huitoa na figo bovu haiwezi. Kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa na degedege ni dalili zake, na kuna waliokufa. Kwenye achari, birimbi litolewe na liwekwe limau au embe bichi kidogo.

Wali wa nazi haumlazimu mgonjwa kuuacha. Pika mchele mweupe kwa maji, iliki mbili na kijiti cha mdalasini, na ukikaribia kukauka zungushia vijiko viwili vya kasimile kwa kila mlaji, kisha palilia. Tui likiingia mwanzoni humezwa na mchele na harufu hupotea, ndiyo maana watu huongeza zaidi na zaidi. Likiingia mwishoni hubaki juu ya punje, na pua hulipata kabla ya ulimi.

Mchicha ndio unaohitaji maji. Chukua fungu la gramu 250 kwa watu wanne, ondoa vijiti vigumu, uoshe, kisha uukate mwembamba. Chemsha maji lita tatu kwenye sufuria kubwa, yakitokota tumbukiza mchicha, uuache dakika tano bila mfuniko. Mwaga maji yote kwenye chekecheke, na ukipoa kidogo uukamue kwa mikono hadi maji ya kijani yaishe kutiririka. Ndipo uukaange na kitunguu na kitunguu saumu. Kipimo cha mgonjwa ni vijiko vinne vya chakula, na tui lisirudi humu, kwa kuwa kwenye sahani hiyo limeshapata nafasi mbili. Ukweli ni kwamba hata baada ya kukamuliwa mchicha hubaki juu. Vijiko hivyo vinne vina kama 200 hadi 250. Siku ambayo sahani ina kitu kingine kizito, weka sukuma wiki, kabichi au biringanya ya kuchemshwa mahali pake. Kisamvu na matembele uvihesabu pamoja na mchicha.

Sahani hii mpya ina potasiamu kama 1,100 na fosforasi kama 430. Potasiamu imepungua zaidi ya nusu, fosforasi karibu nusu, na hakuna kitu kilichotoka kwenye jina lake: bado ni samaki wa kupaka, wali wa nazi na mchicha.

Siku iliyobaki ipangwe kuizunguka. Asubuhi, chai ya rangi iliyochemshwa na tangawizi na iliki, ikitiwa maziwa vijiko vinne badala ya nusu kwa nusu, pamoja na maandazi mawili ya hamira na yai moja. Hapo kuna potasiamu kama 350. Usiku, ugali wa sembe, kabichi iliyochemshwa na kumwagwa maji kisha kukaangwa, kuku gramu 70 bila ngozi, na kipande cha nanasi: kama 620. Siku inafungwa karibu na 2,050 za potasiamu na 950 za fosforasi. Kachumbari inaruhusiwa ikiwa kitunguu na tango ndio wengi na nyanya ni ya kurembesha, ndimu na pilipili kwa wingi.

Viazi, muhogo na ndizi mbichi vinafuata kanuni ya mchicha, ila kwa subira. Watu wengi wameambiwa waviloweke usiku kucha, wakaviloweka vizima, kisha wakavipika kama kawaida. Kuloweka peke yake kwa maji baridi hakutoi cha maana. Kinachofanya kazi ni udogo wa kipande, joto, na wingi wa maji. Menya nusu kilo ya viazi, kata vipande visivyozidi unene wa nusu sentimita, weka kwenye maji lita tano, chemsha hadi vitokote, mwaga. Tia maji mapya ya moto kwa wingi uleule, chemsha hadi viive, mwaga tena. Kwa njia hii unaweza kuondoa nusu ya potasiamu au zaidi. Kiazi kilichochemshwa na ganda lake, kilichopikwa kwa mvuke, kilichochomwa kwenye jivu au kilichokaangwa kikiwa kibichi kimebaki na karibu yote. Na mpishi anayemwaga maji ya kwanza halafu akatumia ya pili kuwa supu amemrudishia mgonjwa alichomtolea.

Viazi vilivyochemshwa mara mbili havina ladha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuongeza chumvi. Badala yake, virudishe kwenye sufuria kavu dakika mbili vikauke, kisha uvimwagie mafuta ya moto yaliyokaangiwa bizari nyembamba, kitunguu saumu na majani ya mchuzi, na ndimu juu. Chumvi iwe kidogo na inyunyizwe mwisho, maana ikiwa juu ya chakula ulimi huipata mapema. Usinunue ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye shinikizo la damu. Nyingi hutengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, na kijiko kimoja cha chai huweza kuwa na potasiamu ya siku nzima. Ile chumvi ya majivu ya mimea, munyu, ambayo magharibi mwa Kenya hulainishia mboga, nayo ni potasiamu kwa wingi. Magadi hayana shida hiyo, lakini yamejaa sodiamu.

Fosforasi inahitaji macho dukani. Mwili haufyonzi fosforasi zote kwa kiwango kimoja. Ile ya kwenye maharage, choroko na nafaka imefungwa kwenye faiteti, na mtu huchukua chini ya nusu yake. Ya nyama, samaki na maziwa hufyonzwa zaidi. Iliyoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote, na hiyo ndiyo ninayoona ingepigiwa kelele kuliko maharage. Iko kwenye soda nyeusi za kola, soseji, nyama za kopo, kuku wa kugandishwa waliodungwa maji ya chumvi, jibini laini za kupaka, na ule unga mweupe wa kutia kwenye chai mahali pa maziwa. Unga huo unastahili tahadhari ya pekee: watu huukimbilia wakidhani wameepuka maziwa, na nyingi zake zina fosfeti ya potasiamu, madini yote mawili kwa mpigo. Geuza pakiti, tafuta kwenye orodha herufi p-h-o-s zikifuatana mahali popote ndani ya neno, au namba E338 hadi E341, E343, na E450 hadi E452. Ukiziona, rudisha rafuni.

Ndiyo maana nimesema maandazi ya hamira. Baking pauda nyingi huumua unga kwa fosfeti, na hamira ni kiumbe hai tu kinachotoa hewa. Unga wa maandazi ya hamira unahitaji saa moja na nusu uumuke, hakuna zaidi.

Dagaa ni habari nyingine, nao humuumiza mtu wa pwani na wa ziwani kwa pamoja. Unapokula dagaa mzima unakula mifupa, na mifupa ni ghala la fosforasi. Kumchemsha na kumwaga maji hupunguza chumvi tu. Kama hamu imezidi, tumia dagaa wachache waliooshwa na kusagwa, nusu kijiko cha chai kwenye chungu cha mboga cha watu wanne, wawe kiungo na wasiwe kitoweo.

Maharage sikuyafuta. Yaloweke saa 12, mwaga, chemsha dakika 10 kwenye maji mapya, mwaga tena, kisha yapike hadi yalainike. Mgonjwa ale nusu kikombe bila mchuzi wake, siku ambayo nyama au samaki amepunguzwa. Sembe na dona ni vivyo hivyo: dona ina madini mengi zaidi kwenye karatasi, ingawa sehemu ya fosforasi yake haifyonzwi, na ina nyuzinyuzi ambazo sembe haina. Aliye na potasiamu iliyotulia anaweza kupata dona mara moja moja.

Nyuzinyuzi zinagusa jambo ambalo jikoni hulisahau. Figo zikishindwa, utumbo huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu. Mgonjwa aliyefunga choo siku nne potasiamu yake inaweza kupanda ingawa sahani yake haina kasoro. Vivyo hivyo sukari isiyodhibitiwa, kikao kilichorukwa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za moyo. Kwa hiyo majibu yakirudi mabaya, msimtuhumu kwanza kwamba amekula ndizi. Muulize choo, muulize dawa, na muulize daktari kama damu ilichukuliwa vizuri, kwa sababu chembe zikipasuka kwenye kichupa potasiamu husomeka juu kuliko ilivyo. Dawa zenyewe zisiachwe bila daktari. Na mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka ghafla apewe sukari iliyokorogwa kwenye maji, asipewe juisi ya chungwa.

Kidonge cha kuzuia fosforasi, kiwe cha kabonati ya kalsiamu au sevelama, hufanya kazi kikikutana na chakula tumboni. Kimezwe na matonge ya kwanza, kama daktari alivyoelekeza. Kikimezwa saa mbili kabla au baada, fosforasi imeshapita. Ukiona fosforasi inabaki juu na chakula kimepangwa vizuri, uliza saa ya kidonge kabla ya kupunguza samaki.

Fosforasi ikiwa juu, ngozi huwasha na mifupa huuma taratibu. Potasiamu haina adabu hiyo. Mara nyingi haitoi ishara yoyote hadi inapokuwa imefika kwenye moyo. Miguu ikilegea ghafla, au mapigo ya moyo yakawa ya polepole au ya kurukaruka, hasa mwishoni mwa zile siku ndefu kati ya vikao viwili, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Siku hizo ndefu ndizo za kabichi na kipande kidogo cha samaki. Samaki wa kupaka na mchicha wake wapangiwe siku inayofuata baada ya kusafishwa, na kipimo kinachofuata cha damu ndicho kitakachosema kama vijiko vinne vya mchicha vibaki vinne au viwe viwili.